Nilivyojifunza kusoma picha ya pakiti ya nepi za Mama

Mama alipata kiharusi mwezi wa Novemba, akalazwa wiki mbili, kisha tukamleta nyumbani kwangu Likoni akiwa hawezi kusimama wala kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali niliambiwa nimnunulie pampasi za watu wazima, nami nikaitikia kana kwamba ninajua ninachoitikia. Sikujua. Katika miezi miwili iliyofuata nilitumia shilingi 5,500 kununua nepi ambazo Mama hakuweza kuzivaa, nikamsababishia michubuko kwenye mapaja, na nikafua mashuka usiku wa manane mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Makosa yangu karibu yote yalianzia kwenye picha za pakiti nilizokuwa nikitumiwa kwa simu, ambazo nilizitazama bila kuzisoma.

Nieleze kwanza kwa nini nilitegemea picha. Maduka yenye nepi za watu wazima kwa bei ya jumla yako kisiwani, na mimi siwezi kuvuka feri kila mara na kumwacha Mama peke yake. Kwa hiyo ninampigia muuzaji, yeye ananitumia picha, ninalipa kwa simu, naye anampa mtu wa bodaboda mzigo aulete. Pakiti ikishafunguliwa, hakuna duka linaloirudisha, na hilo ni haki yao. Picha ndiyo nafasi pekee niliyo nayo ya kukosea bila gharama.

Kosa la kwanza lilikuwa katika neno lenyewe. Sisi huku tunaita kila nepi pampasi, kama vile wengi wanavyoita kila pedi kwa jina la chapa moja, ingawa Pampers ni chapa moja tu na inajulikana zaidi kwa nepi za watoto. Nilipomwandikia muuzaji kwamba ninataka pampasi za mtu mzima, kubwa, nilikuwa sijamwambia chapa, sijamwambia kipimo, sijamwambia kama mgonjwa analala au anatembea, na sijamwambia ni za mchana au za usiku. Yeye alijaza mapengo hayo yote kwa kile kilichokuwapo kwenye rafu. Akanitumia picha ya pakiti ya kijani yenye herufi L kubwa, na ujumbe: «Hii ndiyo inayokwenda sana, mamangu. Itamtosha.»

Niliangalia ile L nikaridhika. Mama amevaa dera kubwa maisha yake yote, na mawazoni mwangu yeye alikuwa mtu wa L. Nikaagiza pakiti nne kwa shilingi 950 kila moja kwa sababu bei ya nne ilikuwa nafuu, nikalipa shilingi 3,800, nikajiona nimejipanga.

Usiku wa kwanza shuka lililowa kuanzia kiunoni hadi magotini. Usiku wa pili vilevile. Nikadhani nepi zile hazifyonzi, nikaanza kumvisha mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Hilo ni kosa ambalo ningependa mtu mwingine asilirudie hata mara moja. Nepi ina ngozi ya plastiki upande wa nje, na ngozi hiyo imewekwa ili maji yasipite. Mkojo hauwezi kutoka nepi ya ndani kuingia ya nje. Ukizidi unatokea pembeni tu, nayo ile ya nje inabaki kavu. Nilikuwa nikitupa nepi mbili mahali pa moja, na joto la Desemba lilikuwa likimuumiza Mama ndani ya tabaka zile mbili.

Baada ya wiki moja nilibadilisha. Muuzaji mwingine alinitumia picha ya pakiti nyeupe yenye rangi ya samawati, herufi M, chapa tofauti. Kwa kuwa L ilikuwa imempwaya, M niliiona ndiyo jibu la wazi. Nikanunua pakiti mbili kwa shilingi 1,700. Hizi zilikuwa zinabana. Vibandiko vya pembeni havikufika mbele vizuri, na alipogeuzwa vilifunguka vyenyewe. Siku ya tatu niliona mistari miekundu kwenye mikunjo ya mapaja, upande mmoja ngozi imeanza kuchubuka. Mama hawezi kusema sana tangu augue, lakini alinishika mkono nilipokuwa nikimfunga, na nikaelewa.

Hapo ndipo nilipomwomba jirani yetu, muuguzi mstaafu, aje amtazame. Alimtibu ile michubuko, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nyonga zake ni sentimita ngapi? Sikuwa na jibu. Alichukua futi ya kamba niliyokuwa nayo kwenye kikapu cha kushonea, akamgeuza Mama taratibu, akapima mara mbili. Kiunoni, usawa wa kitovu, ilikuwa sentimita 86. Mahali panapopanuka zaidi kwenye nyonga na makalio ilikuwa sentimita 94. «Katika hizi mbili, shika ile kubwa,» alisema. «Nepi ya mtu mzima haiendi kwa kilo kama ya mtoto, na haiendi kwa dera.»

Kisha akaichukua ile pakiti ya kijani, akaigeuza nyuma. Kulikuwa na jedwali dogo lenye mchoro wa mtu aliyezungushiwa mshale kiunoni. L: sentimita 100 hadi 150. M: sentimita 75 hadi 110. Akaichukua ile ya samawati, akaigeuza ubavuni. M: sentimita 60 hadi 85. L: sentimita 85 hadi 115. Mama mwenye sentimita 94 alikuwa M katika chapa ya kwanza na L katika chapa ya pili. Mimi nilikuwa nimenunua L ya kwanza na M ya pili, yaani nilikuwa nimekosea mara mbili, kila mara upande tofauti, kwa kuamini herufi ambayo haina maana yoyote nje ya jedwali la pakiti yake.

Nimekuja kugundua kwamba hilo ndilo jambo linalofichwa na picha ya mbele. Upande wa mbele wa pakiti umetengenezwa ili uonekane kutoka mbali: jina la chapa, rangi, herufi moja kubwa, na picha ya mtu anayetabasamu. Sentimita ziko nyuma au ubavuni, kwa maandishi madogo. Kwa nepi za watoto mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu karibu kila pakiti huandika kilo upande wa mbele, hata kama namba ya saizi inatofautiana kati ya chapa na chapa. Mtu akisoma kilo badala ya namba hakosei sana. Kwa watu wazima mara nyingi mbele hakuna kitu cha kukushika mkono. Hata rangi hudanganya. Kwenye ile chapa ya kwanza kijani kilikuwa rangi ya saizi; kwenye nyingine niliyoiona baadaye kijani kilikuwa rangi ya kiwango cha kufyonza, na saizi zote za kiwango hicho zilikuwa kijani.

Muuguzi alinifundisha jambo la pili usiku uleule, na nadhani hili lina thamani kuliko yote niliyojifunza. Aliniambia kwamba kabla sijanunua nepi nyingine yoyote nijue kwanza kama ile iliyovuja ilivuja kwa sababu ya saizi au kwa sababu ya kujaa. Nikamuuliza nitajuaje. Akaniambia nimvishe Mama ile L usiku, moja tu, na asubuhi nisiitupe.

Asubuhi shuka lilikuwa limelowa kama kawaida. Tuliifungua ile nepi, tukaitandaza juu ya plastiki. Sehemu ya katikati, kati ya miguu, ilikuwa imevimba na kulowa upande wa kushoto tu, upande ambao Mama alikuwa amelalia. Upande wa kulia na sehemu yote ya nyuma ilikuwa kavu kabisa, laini kama ilivyotoka kwenye pakiti. Tukaipima kwenye mizani ya jikoni, nikiwa nimeitandika mizani kwa mfuko. Kavu, nepi ya aina ile ilikuwa na gramu 112. Ile iliyolowa ilikuwa na gramu 310. Mililita moja ya mkojo ina uzito wa karibu gramu moja, kwa hiyo nepi ilikuwa imeshika kiasi cha mililita 198, chini ya glasi moja ya maji. Nepi haikuwa imeshindwa kufyonza. Haikupewa nafasi ya kufyonza. Kwa kuwa ilikuwa pana mno, ilijikunja kwenye paja na kuacha mwanya, mkojo ukapita kwenye mwanya huo kabla haujafika kwenye pamba.

Tangu siku hiyo ninaangalia hivyo kila inapovuja. Ikiwa nepi ina sehemu kubwa kavu na shuka limelowa, tatizo ni saizi au jinsi ilivyofungwa, na sitafuti nepi yenye nguvu zaidi. Ninarudi kwenye sentimita. Ikiwa nepi imevimba mbele hadi nyuma, ni nzito na baridi, na hakuna mahali pakavu, hapo saizi ni sawa lakini uwezo wake umeisha, na sasa ndipo matone yaliyochorwa kwenye pakiti yanapoanza kuwa na maana. Ningalijua hili mwezi mmoja mapema nisingalimvisha Mama nepi mbili mbili.

Kwa hiyo nikaenda kutafuta M ya ile chapa ya kwanza. Nikamwandikia muuzaji kwa maneno mengine kabisa safari hii: jina la chapa kama lilivyoandikwa, nepi ya kufunga kwa vibandiko na si ya kuvuta kama chupi, saizi inayojumuisha sentimita 94. Hilo la vibandiko nililiongeza kwa sababu ya mtu anayelala: nepi ya kuvuta inahitaji kupandishwa kutoka miguuni na mgonjwa akiwa amenyanyuka, ilhali ya vibandiko unaweza kuibadilisha kwa kumviringisha ubavu mmoja kisha mwingine. Kwenye picha, pakiti za kuvuta kwa kawaida humwonyesha mtu amesimama akiwa amevaa kitu kama chupi. Za vibandiko huonyesha nepi iliyotandazwa yenye masikio mawili kila upande.

Picha iliyokuja haikunisaidia. Alikuwa amepiga upande wa mbele, taa ya simu imewaka, na plastiki ya pakiti iling'aa katikati kama kioo. Kibaya zaidi, kibandiko cha bei kilikuwa kimewekwa juu ya herufi ya saizi. Nikamwomba apige nyuma. Akapiga nyuma, lakini jedwali lilikuwa kwenye mkunjo wa plastiki. Nilisoma «00–150» mahali fulani na mstari mwingine haukusomeka. Kwa haraka ningesema hiyo ni L nikakataa, au ningeamini neno lake kwamba ni M nikalipa. Badala yake nikamwomba ubavu wa pili, ule wenye maandishi ya Kiarabu.

Nepi nyingi zinazofika hapa Mombasa zina Kiarabu kwenye ubavu mmoja kwa sababu zinauzwa pia katika nchi za Waarabu, na sisi tuliosoma chuo cha Kurani utotoni tuna faida hapo ambayo sikuwa nimeifikiria. Herufi kubwa mbele ilikuwa imefunikwa, lakini ubavuni paliandikwa mutawassit, yaani ya wastani, si kabir. Na chini yake, kwa tarakimu za Kiarabu zilizokuwa wazi bila mkunjo, palikuwa na ٧٥–١١٠. Sabini na tano hadi mia na kumi. Sentimita 94 ziko katikati kabisa, si pembezoni, na hilo ni muhimu: nikikuta kipimo cha Mama kiko kwenye ncha ya saizi mbili zinazopishana, mimi huchukua ile ndogo iwapo vibandiko vinafika mbele bila kuvutwa, kwa sababu kwa mtu anayelala mwanya kwenye paja ndio unaovujisha. Nikalipa shilingi 900 kwa pakiti moja tu. Sikuagiza nne.

Siku hizi ninamweleza muuzaji namna ya kupiga picha kabla hajapiga, kwa adabu, kwa sababu anafanya hivyo kunisaidia. Ninamwomba aiweke pakiti juu ya meza karibu na mlango ili apate mwanga wa jua, azime taa ya simu, auvute mkunjo kwa vidole viwili mahali penye jedwali, na anitumie pande zote nne. Ninamwomba pia azitume kama faili badala ya picha ya kawaida, kwa sababu programu ya ujumbe hubana picha na tarakimu ndogo hupotea. 8 na 6 huwa kitu kimoja. Picha yenye mandhari meupe kabisa, isiyo na meza wala rafu nyuma yake, siipokei, kwa kuwa hiyo ni picha ya mtandaoni. Huenda ni ya toleo la zamani au la nchi nyingine, na saizi iliyomo dukani si hiyo. Mara moja wauzaji wawili tofauti walinitumia picha ileile, kivuli kilekile, nami nikajua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa amenyanyuka kwenda kutazama rafu yake.

M ilimkaa Mama vizuri. Kwa mchana wote haikuvuja hata tone, nami nilitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Lakini usiku wa pili shuka lililowa tena.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nepi ilikuwa imevimba yote, mbele na nyuma, hakuna pakavu. Ikiwa kavu ilikuwa na gramu 105. Asubuhi ilikuwa na gramu 690. Imeshika mililita 585, na ziada imekwenda kwenye shuka. Safari hii nepi ilikuwa imejaa kweli, na ilikuwa zamu ya kusoma matone.

Pakiti ile ilikuwa na matone manane yaliyochorwa kwa safu, sita yamejazwa rangi na mawili yako wazi. Nakiri kwamba nilipoinunua niliona sita nikafurahi, kwa sababu ile ya samawati iliyotangulia ilikuwa na matano. Sikuelewa kwamba ile ya samawati ilikuwa na matano kati ya matano, yaani ilikuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika chapa yake, wakati hii ya sita kati ya manane ilikuwa ya katikati katika chapa yake. Matone hayana kipimo kinachofanana kwa watengenezaji wote. Kila kampuni huchora ngazi yake yenyewe, na tone moja la huyu si sawa na tone moja la yule. Unachoweza kulinganisha ni pakiti mbili za chapa moja na aina moja: sita kati ya manane ni chini ya nane kati ya manane, basi. Na kwenye picha yenye mng'ao matone yaliyo wazi huonekana kama yamejazwa, kwa hiyo ninahesabu yote kisha ninaangalia mwisho wa rangi ni wapi.

Ubavuni, kwa maandishi madogo kuliko yote, pakiti hiyo ilikuwa na namba niliyodhani itanimalizia mashaka: mililita 2,100, na pembeni yake ISO 11948-1. Nikajiuliza inawezekanaje kitu kinachobeba lita mbili na zaidi kivuje kwa mililita 585. Muuguzi alinieleza. Hicho ni kipimo cha maabara cha nepi nzima, kilichowekwa mwaka 1996, ambapo nepi huzamishwa kwenye maji hadi inywe yote inayoweza, kisha inaachwa ichuruzike na kupimwa uzito. Hakuna mtu aliyeilalia. Kitandani mkojo huja kwa mkupuo mahali pamoja, mwili unaikandamiza pamba, na nepi huvuja kabla haijakaribia kiasi hicho. Kwa hiyo ile 2,100 si ahadi ya usiku. Inafaa kwa jambo moja: ukikuta pakiti mbili za chapa tofauti zote zina namba ya ISO 11948-1, unaweza kuzilinganisha kwa namba hiyo, jambo ambalo matone hayakuruhusu. Pakiti nyingi hazina namba hiyo kabisa, hasa zile za bei nafuu, na hapo hunabudi kununua moja na kuipima.

Nikaagiza M ileile yenye nane kati ya manane. Kwa kuitazama tu katika picha ilikuwa vigumu kuitofautisha na ile ya sita, kwa sababu chapa, herufi na sura ya mbele vilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa ukanda mwembamba wa rangi chini na yale matone mawili. Hapo ndipo nilipoanza kutumia namba za msimbo wa mistari. Chini ya mistari ile kuna tarakimu 13, na kila saizi, kila kiwango cha kufyonza na kila idadi ya nepi kwenye pakiti huwa na namba yake. Nimeandika tarakimu tano za mwisho za ile ninayoitaka kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na muuzaji akituma picha ya msimbo ninazilinganisha. Zikiwa tofauti ninamuuliza, hata kama mbele inafanana. Watu huniambia tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha bidhaa ilikotengenezwa, kwamba 869 ni Uturuki na 616 ni Kenya. Kwa kweli zinaonyesha ofisi ya nchi iliyotoa namba hiyo, na kiwanda kinaweza kuwa kwingine, kwa hiyo mimi sizitumii kuamua ubora.

Ile ya nane ilikuwa na gramu 140 ikiwa kavu, nzito zaidi kwa gramu 35 kuliko ile ya sita, na uzito huo wa ziada ni pamba na chembechembe za kufyonza. Asubuhi ilikuwa na gramu 760, yaani mililita 620, na shuka lilikuwa kavu. Nilirudia siku tatu kabla sijaagiza nyingine: mililita 620, 570, 640. Shuka lilikuwa kavu siku zote tatu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama asubuhi ya tatu nikiushika ule mkeka wa makintoshi mkavu mikononi, na sikuona haya kulia.

Si lazima kutumia ya nane mchana. Mchana ninambadilisha kila baada ya saa nne hivi, na nikizipima naona mililita 150 hadi 250, kiasi ambacho ile ya sita inabeba bila taabu, inagharimu kidogo, na kwa kuwa ni nyembamba haimpi joto sana. Kuna mstari wa manjano nje ya nepi unaogeuka samawati ukilowa, nao umenisaidia kutomfungua bure. Lakini mstari huo unasema tu kwamba kuna mkojo, hausemi ni kiasi gani. Hugeuka rangi hata kwa kidogo.

Niongeze jambo moja kuhusu pedi, kwa sababu wiki ya kwanza kabisa, kabla sijapata nepi, dadangu alimwekea Mama pedi za hedhi za usiku, zenye matone matano, na tukashangaa hazikudumu hata saa moja. Matone ya pedi ya hedhi ni ngazi ya damu, ambayo ni nzito, hutoka polepole na kwa kiasi kidogo. Mkojo huja mwingi kwa sekunde chache na hupita juu ya pedi kabla haijaunywa. Kuna pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanaovujwa na mkojo kidogo wanapokohoa au kucheka, na kwa sura zinafanana sana na za hedhi. Ukitazama picha, tafuta maandishi yanayosema ni za mkojo, usitegemee umbo wala matone. Dadangu mwenyewe alihama kwenda kwenye hizo baadaye, na anasema hakujua kwamba zipo.

Zile pakiti tatu za L ambazo hazikufunguliwa nilimpa mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mkewe alimpima nyonga mbele yangu tukakuta sentimita 121. Zile M ndogo nilizifungua zote nikazitandaza chini ya shuka kama vitandiko, na angalau zilifanya kazi hiyo.

Mama amepungua. Juzi nilipompima, kama ninavyofanya kila mwisho wa mwezi, nyonga zilikuwa sentimita 88. Bado yuko ndani ya 75 hadi 110, kwa hiyo agizo la mwezi huu ni lilelile: pakiti tatu za sita kwa mchana, pakiti tatu za nane kwa usiku. Muuzaji amenitumia picha nane asubuhi hii, pande nne za kila aina, bila taa, mkunjo umevutwa kwa vidole viwili. Kwenye picha ya mwisho kidole gumba chake kimefunika tone moja. Nimemwomba apige tena.